Naumwa na mtihani ni kesho: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuahirisha mtihani au utetezi wa tasnifu

Nilikaa miaka sita kwenye dawati la mitihani la kitivo kimoja, kazi yangu ilikuwa kupokea hizi barua za "naomba kuahirishiwa", kuzipanga, kupiga simu hospitali kuhakiki vyeti na kuzipeleka kwenye kamati. Maswali ni yaleyale kila semista kwa hiyo nimeyaandika hapa mara moja. Kanuni za chuo chako zinaweza kutofautiana kidogo, hasa kwenye siku za mwisho za kuleta karatasi, kwa hiyo kitabu cha kanuni za mitihani kiwe wazi pembeni ukisoma.

Nimeamka naumwa na mtihani ni leo. Naanza na daktari au naanza na chuo?

Anza na chuo, dakika mbili tu, halafu nenda kwa daktari siku hiyohiyo. Watu wengi wanafanya kinyume, wanasema ngoja nikapate cheti kwanza ndo niandike nikiwa na ushahidi mkononi, wanakaa foleni hospitali mpaka saa nane mchana wakati mtihani ulianza saa tatu asubuhi, na sasa kwenye faili unasomeka ni mtu ambaye hakutokea kisha akaja na maelezo baadaye. Cheti kinaweza kufuata. Ile taarifa ndo haiwezi kurudi nyuma, manake barua pepe inaonyesha saa iliyotumwa na kamati huwa wanaangalia hiyo saa kabla hawajasoma hata mstari mmoja.

Kama huwezi hata kushika simu, mtu mwingine aandike kwa niaba yako, mwenzako wa chumbani, dada yako, yeyote. Aseme yeye ni nani, wewe ni nani na namba yako ya usajili, mtihani gani, saa ngapi, na kwamba upo hospitali. Nimewahi kupokea ujumbe wa namna hiyo kutoka kwa mlinzi wa hosteli na ulikubalika vizuri tu.

Ujumbe huo wa kwanza useme nini?

Uwe mfupi. Hapa ndo mahali watu wanaandika kurasa mbili za historia ya ugonjwa tangu utotoni, hakuna anayesoma. Kitu kama hiki kinatosha:

"Habari za asubuhi. Naitwa (jina), namba ya usajili (namba). Nina mtihani wa (somo) leo saa 3:00 asubuhi. Nimeugua tangu jana usiku, sitaweza kuingia. Naelekea hospitali sasa hivi, cheti cha daktari nitakileta ndani ya muda uliowekwa kwenye kanuni. Naomba mtihani wangu uahirishwe. Ahsante."

Tuma kwa ofisi ya mitihani na mwalimu wa somo awe kwenye nakala. Usimtumie mwalimu peke yake. Mwalimu ni mtu mwema, atakujibu pole mwanangu ugua pole, halafu atasahau, na ofisini hakuna kitu. Na tumia barua pepe ya chuo, si ile ya zamani yenye jina la utani, maana zile zinaishia kwenye spamu na pia hatujui kama kweli ni wewe.

Cheti cha daktari kiwe na nini hasa?

Hapa ndo penye kazi, na ndo sababu kubwa ya maombi kurudishwa. Watu wanadhani cheti ni cheti. Kuna karatasi inayosema "huyu amefika kliniki leo", hiyo ni risiti ya kutembea, inathibitisha ulikuwepo pale, basi. Kuna nyingine inasema "mgonjwa ameniambia anaumwa kichwa tangu wiki iliyopita", hapo daktari ameandika ulichomwambia, hajasema alichokiona yeye. Kamati inataka ya tatu: daktari amekuona, tarehe fulani, amekukuta na hali fulani, na kwa hali hiyo huwezi kufanya jambo fulani kuanzia siku hii mpaka siku ile.

Kwa hiyo ukiwa mbele yake, kabla hajafunga faili lako, angalia kama karatasi ina tarehe aliyokuona, tarehe ya kuanza na ya kuisha kwa mapumziko, jina lake na sahihi yake na muhuri, na namba ya simu ya kituo inayopokelewa. Halafu mwombe kwa adabu aongeze sentensi moja: kwamba kwa maoni yake hali hiyo inakuzuia kukaa mtihani wa maandishi wa muda wa saa tatu, au inakuzuia kusimama na kuongea. Madaktari hawajui una mtihani usipowaambia. Mwambie mapema, "daktari nina mtihani kesho, chuo kitaniuliza," ataandika tu, ni kazi yake, kama kweli anaona huwezi.

Tarehe ndo jicho la kamati. Nimeona cheti safi kabisa, muhuri unang'aa, mapumziko ya siku tatu kuanzia tarehe 5 mpaka tarehe 7, na mtihani ulikuwa tarehe 8. Yule binti alikuwa bado anaumwa tarehe 8, mimi namwamini, lakini karatasi inasema siku hiyo alikuwa mzima. Mapumziko yakikaribia kuisha na bado hali mbaya, rudi kwa daktari uongezewe kabla hayajaisha, usingoje.

Lazima niseme ninaumwa nini? Ni jambo la siri.

Sehemu nyingi hapana. Wanachohitaji ni kujua kinachokuzuia, jina la ugonjwa linaweza kubaki kati yako na daktari. "Ana maumivu makali na anatumia dawa zinazomlaza usingizi" inasaidia kuliko jina refu la kilatini ambalo hakuna mtu kwenye kamati anayelielewa. Kama fomu ya chuo ina sehemu ya ugonjwa na hutaki ijulikane na kila mtu, uliza kama unaweza kuipeleka kwenye bahasha iliyofungwa kwa daktari wa chuo au mshauri wa wanafunzi, yeye asome halafu aandikie kamati mstari mmoja tu kwamba amejiridhisha. Utaratibu huo upo sehemu nyingi ila hautangazwi.

Na hii inahusu pia msongo, wasiwasi mkubwa, kukosa usingizi wiki nzima. Ni ugonjwa kama mwingine, anayekutibu anaandika vilevile. Kuwa na woga wa mtihani kama sote tulivyokuwa nao haitoshi, lakini hiyo tofauti ataisema mtaalamu, si wewe kujipimia mwenyewe kwenye barua.

Mimi si mtihani wa maandishi, ni utetezi wa tasnifu. Ni utaratibu uleule?

Karatasi ni zilezile, uzito ni mwingine. Mtihani wa maandishi ukiukosa, darasa linaendelea bila wewe na wewe unasubiri kikao kinachofuata. Utetezi hauna darasa, kuna watu wanne watano waliopanga siku yao kwa ajili yako wewe tu: mwenyekiti, mtahini wa ndani, mtahini wa nje ambaye pengine amekata tiketi, supavaiza, na mtu wa kuandika kumbukumbu. Kwa hiyo kila saa unayochelewa kutoa taarifa inamgharimu mtu mwingine, na wao ndo utakaowaomba tarehe mpya.

Jambo la pili, ugonjwa unaokuruhusu kuandika unaweza usikuruhusu kuongea, na kinyume chake. Ngoja nieleze kisa kimoja kirefu kidogo, nimebadilisha vitu vidogo asijulikane.

Kijana wa uzamili alikuwa na utetezi Alhamisi tarehe 14, saa nne asubuhi. Jumatatu tarehe 11 jioni sauti ikaanza kukwaruza, akalala, Jumanne asubuhi akaamka hana sauti kabisa, ukimpigia anasikika kama mtu anayepuliza hewa. Homa hana, anatembea, anakula, kichwa kizima. Akawaza, hivi nitaambiwa naumwa kweli? Mtu anayetembea? Kwa bahati nzuri hakusubiri Alhamisi aone itakuwaje. Saa mbili asubuhi akaandika ofisini na kwa supavaiza, saa tano alikuwa kwa daktari.

Daktari akakuta nyuzi za sauti zimevimba, ule uvimbe wa koo la sauti unaotokana na virusi, ambao kwa kawaida unaisha wenyewe ndani ya wiki moja mpaka mbili ukipumzisha sauti. Akamwambia asiongee, na asinong'one pia, manake kunong'ona nako kunakaza koo, watu hawajui hilo. Cheti cha kwanza kilichoandikwa kilisema: "Anaumwa koo. Mapumziko siku 7." Yule kijana akakisoma palepale dirishani, akarudi, akaandika kwenye simu yake kwa herufi kubwa, NINA UTETEZI WA TASNIFU ALHAMISI, NATAKIWA KUONGEA KWA MUDA WA SAA MBILI, akamwonyesha daktari. Daktari akacheka akachukua karatasi nyingine. Cha pili kilisema: "Nimemwona leo tarehe 12. Ana uvimbe wa nyuzi za sauti, hawezi kutoa sauti. Asiongee kuanzia tarehe 12 hadi 18. Hawezi kufanya mtihani wa mdomo katika kipindi hiki. Arudi kuonwa tarehe 19."

Ona tofauti. Kwa cheti cha kwanza mwenyekiti angeuliza, koo tu? Si anywe maji ya moto aje? Kwa cha pili hakuna swali la kuuliza. Ilichukua dakika tano na karatasi moja.

Tarehe mpya nipendekeze mimi au nisubiri wanipangie?

Mtihani wa maandishi, subiri. Huna la kupendekeza, kuna kikao cha mitihani maalumu na kimepangwa kwenye kalenda, utaingia hapo. Unachoweza kuomba ni kujua kitakuwa lini na kama jina lako limeingia kwenye orodha, na hilo la orodha lifuatilie kweli, nitarudi hapo chini.

Utetezi, pendekeza, tena tarehe zaidi ya moja. Barua inayosema "naomba siku nyingine" inamwachia katibu kazi ya kuwapigia watu watano, na kazi ya namna hiyo inakaa mezani wiki tatu. Yule kijana wa sauti alifanya hivi. Mapumziko yanaisha Jumatatu tarehe 18, daktari anamwona Jumanne tarehe 19. Watu wengi wangeandika "naomba tarehe 19" kwa haraka ya kumaliza. Yeye akahesabu: hata daktari akisema sawa tarehe 19, sauti iliyolala wiki nzima haibebi saa mbili za maswali siku hiyohiyo, inahitaji siku kadhaa za kuongea kidogokidogo. Akaacha siku tano baada ya kuonwa. Akamuuliza supavaiza mtahini wa nje ana nafasi lini, akajibiwa kwamba wiki ya tarehe 25 yupo kwake anafundisha asubuhi. Ndo akaandika: "Napendekeza Jumatatu tarehe 25 mchana, Jumatano tarehe 27 mchana, au Ijumaa tarehe 29 mchana. Mtahini wa nje anaweza kushiriki kwa video siku zote tatu." Jibu lilikuja kesho yake, Jumatano tarehe 27 saa nane mchana. Siku moja!

Ila kabla ya kupendekeza angalia vitu viwili. Kwanza, usajili wako unaisha lini, na tarehe ya mwisho ya kuwasilisha nakala iliyosahihishwa ni ipi, maana ukisogeza utetezi ukazipita hizo tarehe unaweza kujikuta unalipia semista nyingine kwa ajili ya siku nne. Kama haikwepeki, omba kwenye barua hiyohiyo kwamba hizo tarehe nazo zisogezwe kwa idadi ileile ya siku, kwa sababu kuahirishiwa utetezi hakusogezi hizo nyingine zenyewe. Pili, kuna vyuo ambavyo utetezi lazima utangazwe siku kadhaa kabla, tangazo la zamani haliendi na tarehe mpya, linatakiwa jipya. Muulize katibu zinahitajika siku ngapi, halafu tarehe yako ya kwanza iwe baada ya hapo.

Wamesema nifanye kwa video kutoka nyumbani badala ya kuahirisha. Nikubali?

Inategemea kinachokuzuia ni nini. Kama umevunjika mguu, au una kitu cha kuambukiza lakini kichwa na sauti viko sawa, video ni nzuri, kubali na umalize. Kama una homa, unatumia dawa za maumivu zinazokufanya usinzie, au huna sauti, video inakuondolea safari tu, haikuondolei ugonjwa. Jibu kwa upole: "Nashukuru kwa nafasi hiyo, lakini kama cheti kinavyoonyesha tatizo langu si kusafiri, ni kuongea." Na usikubali kwa kuogopa kuonekana msumbufu. Ukishakaa mbele ya kamera na kujibu swali la kwanza umefanya utetezi, matokeo yake ni yako.

Niliingia kwenye mtihani nikiwa naumwa, nimefanya vibaya. Naweza kuomba sasa?

Hili ndo gumu kuliko yote na jibu huwa halipendezi. Vyuo vingi vina kanuni kwamba ukiingia na kukaa umejitangaza mzima mwenyewe, sehemu nyingine unasaini kabisa kwenye karatasi ya mahudhurio. Baada ya hapo kusema ulikuwa unaumwa ni kama kuomba mchezo urudiwe baada ya kuona magoli. Kilichobaki ni mlango mwembamba: uonyeshe kwamba ugonjwa wenyewe ulikuzuia kujua kwamba hufai kuingia, na daktari aseme hivyo. Wachache wanapita.

Kuugua ukiwa ndani ya chumba ni tofauti. Inua mkono, mwambie msimamizi, usiinuke tu ukaondoka. Msimamizi anaandika kwenye ripoti ya chumba saa uliyoomba kutoka na sababu, hiyo ripoti ndo ushahidi wako wa kwanza, halafu nenda moja kwa moja kwa daktari, siku hiyohiyo. Ukitoka kimyakimya ripoti itasema "alirudisha karatasi saa 4:20" na basi, inaonekana ulimaliza mapema.

Daktari aliniona siku mbili baada ya mtihani. Cheti kinafaa?

Kinaweza kufaa kama kuna kitu cha kuunganisha. Daktari makini hawezi kuandika kwamba tarehe 3 ulikuwa hoi wakati alikuona tarehe 5, anaweza kuandika kwamba alichokikuta tarehe 5 kinalingana na ugonjwa ulioanza siku mbili tatu kabla. Sentensi hiyo pamoja na ujumbe uliotuma asubuhi ya tarehe 3 vinashikana, kimoja kinamwegemea mwenzake. Bila ule ujumbe cheti kinaning'inia peke yake. Usimwombe daktari arudishe tarehe nyuma, unamweka pabaya yeye na wewe.

Kuna mtu anauza vyeti…

Hapana. Tulikuwa tunapiga simu. Si kila cheti, lakini kile kinachotoka kliniki ileile kwa wanafunzi saba wiki moja, kwa mwandiko mmoja, hicho tulipiga. Na mara nyingi kosa si kununua hata, mtu ana cheti halali kabisa halafu anaona tarehe haijafika siku ya mtihani, anageuza 7 iwe 9 kwa kalamu. Nakala ya kituo inasema 7. Hapo kesi inatoka kwenye kuahirishiwa mtihani inakuwa ya nidhamu, na mtu angerudi tu kuongezewa siku mbili.

Nikikubaliwa nitafanya speshal au sapu? Naona watu wanachanganya.

Zinachanganywa mpaka na wafanyakazi, kwa hiyo hakikisha mwenyewe. Mtihani maalumu, ile wanaita speshal, ni mara yako ya kwanza kukaa, imesogezwa tu, kwa hiyo unapata alama zako kamili na kwenye nakala ya matokeo hakuna doa. Sapu ni ya aliyefeli, na kwa kawaida alama inakatwa kwenye kiwango cha kufaulu hata ukipata tisini. Shida ni kwamba mara nyingi mitihani hii miwili inafanyika chumba kimoja, siku moja, karatasi moja. Jina lako likiingizwa kwenye orodha isiyo yako utagundua matokeo yakitoka.

Kwa hiyo siku matokeo ya semista yakitundikwa angalia somo ulilokosa limeandikwaje. Kama ni alama ya kuahirishwa au haijakamilika, safi. Kama ni sifuri au limeandikwa hukuhudhuria, nenda ofisini siku hiyo na barua yako ya kukubaliwa, hata kama mtu alikwambia kwa mdomo usijali.

Supavaiza kanijibu "sawa, ugua pole" kwenye WhatsApp. Si nimeruhusiwa?

Bado. Amekuhurumia. Anayeruhusu ni ofisi au kamati iliyotajwa kwenye kanuni, na ruhusa ina tarehe na sahihi au inatoka kwenye barua pepe ya ofisi. Piga skrinshoti ya huo ujumbe, iweke kama kiambatanisho kuonyesha kwamba alijua mapema, halafu peleka ombi rasmi.

Ombi rasmi lina nini zaidi ya cheti?

Fomu kama chuo kina fomu, barua ya nusu ukurasa, cheti, na ule ujumbe wa kwanza. Basi. Skani cheti chote, pembe nne zionekane na muhuri usomeke, usipige picha juu ya shuka chini ya taa ya njano. Jina la faili liwe la mtu anayejua mwenzake atalitafuta, mfano `cheti_daktari_12-18_Mei.pdf`, si `IMG_4471.jpg`, manake siku ya kikao katibu ana viambatanisho mia moja na chako kinatakiwa kufunguka mara ya kwanza. Cheti chenyewe, ile karatasi halisi, usiitoe moja kwa moja. Ipeleke waione, wagonge "nakala halisi imeonwa" kwenye kopi, urudi nayo.

Barua iwe na aya ya nini kilitokea na lini, aya ya unaomba nini, aya ya tarehe. Yule kijana aliandika hivi: "Kwa heshima naomba utetezi wangu uliopangwa Alhamisi tarehe 14 saa 4:00 asubuhi uahirishwe. Tangu tarehe 12 asubuhi nimepoteza sauti. Nilitoa taarifa tarehe 12 saa 2:00 asubuhi na nikaonwa na daktari siku hiyohiyo, cheti kimeambatanishwa. Nimekatazwa kuongea hadi tarehe 18." Halafu zile tarehe tatu. Hakuna neno la kulia humo na lilipita siku moja.

Hawajajibu na mtihani ni kesho asubuhi. Niende au nisiende?

Kama unaumwa kweli na umeshatuma taarifa, usiende. Kukaa kimya kwa ofisi hakugeuzi ugonjwa. Ila piga simu mara moja, andika ulipiga saa ngapi na alipokea nani, na tuma barua pepe fupi ya kukumbusha juu ya ileile ya kwanza ili uzi ubaki mmoja. Kama nafuu imekuja ghafla na unajisikia kuingia, jua unafuta ombi lako lote. Hakuna kuingia kwa kujaribu.

Anayeumwa si mimi, ni mtoto wangu.

Vyuo vingi vinakubali ila kwa kifungu tofauti, cha dharura ya kifamilia. Cheti kinakuwa cha mtoto, na kinatakiwa kiseme anahitaji mtu wa kumhudumia na kwamba ni wewe.

Ugonjwa wangu ni wa kudumu, unapanda na kushuka.

Usiishi kwa kuahirisha kila semista, utachoka wewe na wao wataanza kukuangalia vibaya bila sababu. Peleka barua ya daktari anayekutibu mwanzoni mwa mwaka, uombe mpangilio wa kudumu: muda wa ziada, mapumziko katikati, chumba pembeni, utetezi ugawanywe vipande viwili. Kisha siku ukizidiwa barua ya kuahirisha inakuwa ya mistari mitatu kwa sababu faili lako linajieleza.

Wamekataa. Kuna la kufanya?

Omba sababu kwa maandishi kwanza. Ukishaisoma utajua ni ya aina gani. Kama wamesema ushahidi hautoshi, hiyo inarekebishika, rudi kwa daktari akaongeze kile kilichokosekana na uombe ombi liangaliwe upya. Kama wamesema umechelewa, inabidi ueleze kwa nini ulichelewa, na hapo barua ya kulazwa inasaidia kwa sababu ina saa ya kuingia na ya kutoka. Rufaa ina siku zake na zinahesabiwa tangu tarehe ya barua ya kukataliwa, si siku uliyoifungua, kwa hiyo usiiache kwenye simu bila kuisoma kwa sababu unaogopa kilichomo. Na usitume rufaa yenye maneno yaleyale kwa sauti kubwa zaidi, kamati ya pili inataka kitu ambacho ya kwanza haikukiona.

Tarehe mpya imekaribia na bado sijapona vizuri.

Mwone daktari siku tatu nne kabla, si asubuhi ya siku yenyewe. Kuahirisha mara ya pili kunakubalika ukiwa na cheti kipya. Kile cha zamani hakihesabiki, kimeisha muda. Ukirudi mara ya tatu watakushauri usimamishe masomo kwa semista, na kwa kweli mara nyingine ndo njia yenye nafuu, kwa sababu usajili unasimama na siku zako hazihesabiwi.

Kama umepona, thibitisha kwa mstari mmoja, "nitakuwepo Jumatano tarehe 27 saa 8:00 mchana", na uliza chumba ni kipi maana mara nyingi kimebadilika. Halafu fungua slaidi ya kwanza. Yule kijana alisimama mbele ya paneli tarehe 27, sauti imerudi, na nyuma yake ukutani imeandikwa kubwa "tarehe 14". Mtahini wa nje akamuuliza kwenye video kama amekosea siku.